Maelezo ya Lengo la Masomo: Ombi la Viza ya Mwanafunzi, Uingereza

Kwa Ofisa wa Viza,

Mama yangu analima mwani Paje, Unguja. Tangu nikiwa darasa la 3 nimekuwa nikimsaidia kufunga mbegu kwenye kamba maji yakitoka. Siku hizi bahari ikipata joto, kotoni, aina ya mwani tunayolima, hugeuka nyeupe, hulainika na kukatika mkononi. Tunabaki na vigingi na kamba tupu.

Hilo ndilo linalonipeleka Chuo Kikuu cha Stirling, Skotilandi, kusomea shahada ya uzamili ya ufugaji wa viumbe wa majini. Nataka kujua maradhi haya yanaanzaje, na namna ya kulima kwenye maji ya kina.

Ada italipwa kwa akiba yangu na ya kaka yangu. Skuli ninayofundisha baiolojia imenipa likizo bila malipo. Nafasi yangu inanisubiri. Wakulima 12, mama akiwemo, wameshanitengea kamba za majaribio nitakaporudi.