Tangazo kwa wanachama: dividendi ya 2025 inalipwa Ijumaa 12 Juni, na zile za miaka ya nyuma bado zinangoja wenyewe

Habari zenu wanachama wa ushirika wetu wa maziwa, kuanzia Molo mjini, Turi, Elburgon hadi huko juu Mau Summit. Ile dividendi tulipitisha kwenye mkutano mkuu wa tarehe 25 Aprili sasa iko na tarehe. Inalipwa Ijumaa tarehe 12 Juni 2026, na ni shilingi 12 kwa kila shea ya shilingi 100.

KRA wanachukua asilimia 5 hapo, na sisi ndio tunakata na kupeleka moja kwa moja, kwa hivyo kinachokufikia ni shilingi 11 na senti 40 kwa shea. Mwenye shea 250 dividendi yake ni 3,000, ushuru 150, anapata 2,850 mkononi. Huo ushuru ukishakatwa imeisha, hakuna kulipia tena hiyo dividendi ukijaza ritani. Chukua tu shea zako zidisha na 11.40, na ukiona simu imeleta kitu tofauti na hesabu yako njoo utuulize, usikae nayo moyoni.

Shea tunazohesabu ni zile zilikuwa zimelipiwa kufikia 31 Desemba 2025. Aliyenunua katikati ya mwaka analipwa kwa miezi ambayo shea zimekaa, mfano aliyelipia mwisho wa Juni anapata nusu, shilingi 6 kwa shea kabla ya ushuru. Za kununuliwa Januari mwaka huu kwenda mbele ni za dividendi ya mwakani. Na tafadhali msichanganye hii na bonasi ya maziwa, bonasi inafuata lita ulizopeleka, dividendi inafuata shea, kwa hivyo hata mama ambaye ng'ombe wake wamekauka tangu mwaka jana na hajaleta hata kikombe, dividendi yake iko palepale.

Wengine walitaka 15 na nilisikia manung'uniko yakiendelea hadi nje kwa geti. Lakini mkutano wenyewe ndio ulipiga kura ile tofauti ibaki iende kwa tanki ya pili ya kupoza maziwa, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu maziwa ya jioni yakirudishwa tunaumia sisi wote kuliko hiyo shilingi tatu.

Malipo yatapitia pale pesa yako ya maziwa hupitia, M-Pesa ama benki. Ya M-Pesa yataanza kuingia Ijumaa hiyo saa tatu asubuhi, ya benki yanaweza kufika Jumatatu tarehe 15. Deni la duka la dawa na chakula cha ng'ombe HALIKATWI kwa dividendi, hilo litaendelea kukatwa kwa malipo ya maziwa kama kawaida. Ukibadilisha laini ama akaunti leta mabadiliko kabla ya Ijumaa 29 Mei na kitambulisho chako orijino, maana tukishatuma faili ya malipo hatuwezi kuigusa.

Sasa hii sehemu inayofuata naomba isomwe na kila mtu, na msomee jirani ambaye hana simu ya kusoma.

Kuna wanachama 143 ambao hawajachukua dividendi za 2022, 2023 na 2024, na jumla yake ni shilingi 418,600. Hizo si pesa za ofisi, wala si za kamati. Zimekaa kwa akaunti ya peke yake na kila mwaka tunazibeba kwa vitabu. Tulikaa na karani tukafungua hizo faili moja moja na nyingi shida yake ni ndogo mno: kuna mzee namba yake ya simu imeandikwa ikiwa na tarakimu tisa, kuna akina mama wameolewa wakabadilisha jina kwa kitambulisho na kwa rejista bado ni lile la zamani, halafu kuna wale wengi ambao laini ilizimwa kwa kukaa bila kutumika na pesa ikarudi kwetu. Nyingine ni za wanachama waliotuacha, na familia haikujua baba alikuwa na shea.

Ya 2022 ndio ya haraka. Ililipwa tarehe 9 Juni 2023, kwa hivyo mwezi ujao inafikisha miaka 3, na sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya mwaka 2011 inasema dividendi ikikaa miaka 3 bila mwenyewe kuidai, tunatakiwa kuiripoti na kuikabidhi kwa ile mamlaka ya serikali inaitwa UFAA, kabla ya tarehe 1 Novemba. Vitabu vya hiyo ripoti tunafunga 30 Septemba 2026. Ikienda huko haijapotea, bado ni yako na unaweza kuidai kwao, lakini itabidi ujaze fomu zao na ungoje, na hapa kwetu ungeichukua siku hiyohiyo kwa dirisha. Ukitaka kujua kama una pesa ingine imekwama huko kutoka kwa benki ama kampuni yoyote, piga *361# kwa simu yako.

Majina ya hao 143 yamebandikwa ofisini na kwa kila kituo cha kukusanya maziwa, jina na namba ya mwanachama tu, hatujaandika kiasi kwa sababu pesa ya mtu ni siri yake. Ukijiona, njoo na kitambulisho orijino pamoja na cheti cha shea ama kitabu chako cha maziwa. Cheti kikipotea bado njoo, tutatumia rejista na utasaini fomu. Jina likiwa limebadilika ongeza cheti cha ndoa ama hati ya kiapo. Mgonjwa au aliye mbali aandike barua akitaja nani amchukulie, asaini, aambatanishe kopi ya kitambulisho, na sisi tutampigia tumsikie mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa mwanachama aliyefariki, kama aliandika mrithi kwa fomu yetu, huyo mrithi aje na cheti cha kifo, kitambulisho chake na barua ya chifu. Kama hakuandika mtu, kamati itahitaji kuona karatasi za urithi kutoka kortini, na hapo naelewa ni gharama na kuzunguka, ndio maana nawasihi walio hai mje mwandike mrithi sasa, fomu ni ukurasa mmoja na ni bure. Aliyeandika mke au mtoto ambaye ameshafariki pia aje abadilishe.

Hatutozi chochote kudai dividendi. Mtu akikupigia akisema tuma mia mbili ya kufungua faili, ama akuulize PIN yako, huyo ni mwizi, kata simu na utuambie. Namba ya ofisi ni ile iko nyuma ya kitabu chako cha maziwa, hatuna ingine.

Ofisi inafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumamosi hadi saa sita mchana. Wazee wasiopanda hadi Molo waache jina na namba ya mwanachama kwa karani wa kituo chao, karani wetu atazunguka vituoni na rejista wiki ya kwanza ya Julai.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya usimamizi
Molo, 11 Mei 2026