Kabla Pilau Haijapoa

Mwalimu Mkuu, naibu wako, walimu wenzangu, Bi Mwanasiti na wenzako wa jikoni, salaam aleikum, na habari za mchana kwa wote.

Leo nastaafu. Kanuni imesema miaka 60 yatosha, na mwalimu wa hesabu hana haki ya kubishana na tarakimu. Nimepewa dakika tano. Sinia ziko mezani na pilau haimngoji mtu, kwa hivyo sitawashukuru kwa vyeo. Nitawashukuru kwa vyungu.

Naanza na hii pilau. Mchele kilo tano, nyama kilo tano, vitunguu kilo mbili unusu. Mgeni akionja husifu bizari, lakini rangi ya pilau haitoki kwenye bizari, yatoka kwenye kitunguu. Kikatwe chembamba, unene mmoja, kitiwe kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, na mtu asimame hapo hapo na mwiko wake asibanduke. Ukikiwahi kingali cheupe, pilau yatoka imepauka kama uji wa mgonjwa. Ukigeuka kusalimiana na jirani kikaungua, uchungu unaingia kwenye supu, na hakuna iliki, mdalasini wala karafuu itakayoutoa. Ni kumwaga uanze upya. Ile robo saa ya kukaanga hakuna anayeiona, maana watu hufika pilau ishapakuliwa.

Mwalimu Katana, robo saa hiyo ni yako. Ratiba ya shule huwa ishabandikwa ukutani tunapofungua muhula, nasi twaisoma kama iliyoota yenyewe. Lakini kuna mtu aliyekaa na penseli na kifutio, akahesabu vipindi vya kila somo, akahakikisha kuwa darasa moja halipati walimu wawili saa nne na jingine likabaki na kelele zake. Na aliyebadilishiwa kipindi cha mwisho cha Ijumaa kwa sababu ana mtoto mgonjwa, hakuulizwa barua. Kitunguu hakikuungua hata muhula mmoja.

Sasa maji. Pishori, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya supu. Basmati iliyorowekwa nusu saa, kimoja kwa kimoja unusu. Yakikauka, moto wa chini unapunguzwa na makaa yanapaliwa juu ya kifuniko, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: kila dakika mtu anafunua atazame. Mvuke ukishatoka, wali wa juu wabaki na kiini na wa chini washika. Mwalimu Mkuu, wewe ni makaa ya juu. Joto lako tulilihisi, hasa wiki ya kukabidhi maandalio ya masomo. Lakini ukishampa mtu darasa, hukuwa ukifunua kifuniko. Asante sana kwa hilo.

Samaki wa kupaka naomba nimkalie kidogo, kwa sababu yuko mtu hapa anayejificha nyuma ya jagi la maji. Huyu ni changu. Amechanjwa pande zote mbili hadi karibu na mwiba, akapakwa thomu, tangawizi, chumvi, pilipili na ndimu, akachomwa makaani akakauka juu. Hiyo ni kazi ya mtu yeyote mwenye makaa. Kazi yenyewe ni tui. Nazi mbili kwa samaki wa kilo moja, zikunwe, zikamuliwe kwa maji kidogo ya vuguvugu, lichujwe tui zito peke yake. Litiwe bizari ya manjano na pilipili, liwekwe motoni bila kifuniko, na likorogwe polepole kuanzia lingali baridi mpaka lishike mgongo wa mwiko. Ndimu au ukwaju hutiwa mwisho. Moto ukizidi, au ukaacha kukoroga, tui lakatika: mafuta huku, maji kule, na madonge katikati. Mtu mwenye haraka hapiki samaki wa kupaka.

Bi Zuhura, toka nyuma ya jagi. Darasa la watoto wa miaka sita, wengine wamekuja wakilia, wengine hawajui bado kushika penseli, mmoja ameficha kiatu cha mwenzake, nawe wakoroga polepole. Sijasikia sauti yako ikipita ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba, naujua, maana sauti yangu imeupita mara nyingi. Watoto waliofika kwangu wakijua kukaa na swali gumu bila kuogopa wametoka kwako. Hamkukatika, wewe wala wao.

Mbaazi hizi zimerowekwa tangu jana usiku. Zachemshwa kwa maji na tui jepesi mpaka zilainike, na tui zito hungoja mwisho. Ukitia ndimu au nyanya mapema zakaa ngumu, utazichemsha mpaka magharibi. Siri yake ni moja tu, kuanza mapema, kwa hivyo ni za wenzangu mnaovuka Likoni. Nyinyi huamka sisi tungali ndoto ya pili, mkasimama kwenye feri na marundo ya madaftari kwapani, na bado mwalimu wa zamu akifika langoni awakute mmeshafika. Wa Tononoka wanaokaa hatua mia mbili hapa ndio huja wakikimbia. Sitaji jina.

Kachumbari ni ya walimu wetu vijana wa sekondari ya msingi. Kitunguu kibichi chakatwa, chasuguliwa kwa chumvi, chasuuzwa maji mara mbili ukali utoke, ndipo kikutane na nyanya. Ndimu dakika ya mwisho, isije bakuli ikajaa maji. Mlipofika mlikuwa na ukali kidogo. Mmesuuzwa, mmekuwa watamu, lakini msisuuzwe mara ya tatu, kitunguu kitabaki majani matupu. Tunawahitaji muwashe.

Naibu, wewe ni achari ya ndimu, na usikunje uso. Ndimu zilizopasuliwa nne nne, chumvi, jua siku kadhaa, pilipili, chupa iliyokaushwa vizuri. Huliwa kidogo pembeni ya sahani, lakini ikikosekana kila mtu huuliza. Kijiko chenye maji tu ndicho kiiharibucho, huota ukungu, nami nashuhudia kuwa umbea wa chumba cha walimu haukuwahi kutiwa kwenye chupa yako.

Mchicha ni mtamu, kaimati mtazionja wenyewe. Karani wetu nimempa shira: ikiwa nyepesi kaimati zalegea, ikiwa nzito zavaa ganda likalia mdomoni, na yake siku zote huvutika uzi mmoja kati ya vidole. Barua zangu za kustaafu zilikamilika bila kurudishwa hata mara moja. Wanaojua makaratasi hayo wanaelewa uzito wa maneno haya.

Bi Mwanasiti, ukoko wa sufuria kubwa ni wako, usimgawie mtu. Mwenye kupika ndiye mwenye ukoko. Watoto waliokuja bila kifungua kinywa uliwajua kwa macho, ukawapitishia uji dirishani kabla ya kengele, na hesabu za saa mbili zikaingia kichwani.

Gilasini mwenu muna ukwaju. Umekamuliwa kwa mkono, haukusagwa, kwa sababu kokwa zikisagwa hutoa uchungu. Haya, simameni, Mwalimu Katana nawe weka simu chini. Inueni gilasi: kwa walioko jikoni, kwa waliovuka bahari alfajiri, kwa waliokoroga polepole, na kwa atakayechukua darasa langu Jumatatu, ambaye kabati lake lina chaki boksi mbili na rula ya mbao iliyovunjika pembe.

Bismillahi. Nipitishieni sahani, na kichwa cha samaki ni changu.