TANGAZO KWA WANACHAMA: Gawio la hisa la mwaka 2025 kulipwa Ijumaa, 10 Aprili 2026

Ndugu mwanachama,

Mkutano Mkuu wa Mwaka uliofanyika Jumamosi, 14 Machi 2026, uliidhinisha gawio la asilimia 12 kwa hisa za mwaka ulioishia 31 Desemba 2025. Pesa zitatumwa Ijumaa, 10 Aprili 2026. Wiki ya kwanza ya Aprili tumeikwepa kwa sababu Ijumaa Kuu ni tarehe 3 na Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na benki hazifanyi kazi siku hizo.

Tangazo hili linachukua nafasi ya lile lililobandikwa 16 Machi. Lile lilisema tu "asilimia 12 ya hisa", na wengi wakachukua hisa zote walizofunga nazo Desemba wakazizidisha kwa asilimia 12. Kosa lilikuwa la maandishi yetu.

Hesabu inavyokwenda

Asilimia 12 kamili hupata shilingi iliyokaa kwenye hisa miezi yote 12. Iliyoingia katikati ya mwaka hupata kwa miezi iliyokaa. Pesa iliyotufikia mwezi wowote huanza kuhesabiwa tarehe 1 ya mwezi unaofuata.

Tuchukue mwanachama aliyeanza Januari akiwa tayari na hisa za Sh 20,000, akaongeza Sh 6,000 Aprili na Sh 12,000 Oktoba:

```
20,000 x 12/12 = 20,000
 6,000 x  8/12 =  4,000   (Mei hadi Desemba)
12,000 x  2/12 =  2,000   (Novemba na Desemba)
Jumla          = 26,000

26,000 x 12%   =  3,120   gawio kabla ya kodi
 3,120 x 5%    =    156   kodi ya zuio
Anapokea       =  2,964
```

Angezidisha hisa zake zote za Desemba, Sh 38,000, angetarajia Sh 4,560 kabla ya kodi, kisha aje dirishani kuuliza Sh 1,440 zimekwenda wapi. Hazikukatwa na mtu. Ni miezi ambayo pesa ilikuwa bado haijaingia.

Wanaokatwa kwenye mshahara waangalie jambo moja zaidi. Tunahesabu kuanzia siku pesa ilipoingia kwenye akaunti ya chama, si tarehe iliyo kwenye hati ya mshahara. Makato ya Juni ambayo mwajiri aliyaleta 4 Julai yanaanza kuhesabiwa 1 Agosti, na mwezi mmoja hivyo umepotea. Inauma, lakini chama hakiwezi kugawa faida ya pesa ambayo hakikuwa nayo. Ukiona mwajiri wako anachelewesha kila mwezi, tuletee hati zako ili tumwandikie.

Gawio ni la hisa peke yake. Amana zako, zile unazokopea, zina riba yake, nayo imewekwa kwenye mstari tofauti wa taarifa yako. Usizijumlishe na hisa.

Makato

Kodi ya zuio ya asilimia 5 tunaipeleka KRA kwa jina lako, kwa hiyo hakikisha namba yako ya PIN ya KRA tunayo na ni sahihi. Mwenye malimbikizo ya mkopo, gawio litaanza kuyalipa. Yule wa mfano wetu akiwa na malimbikizo ya Sh 1,900, atatumiwa Sh 1,064. Anayelipa mkopo wake kwa wakati haguswi, hata deni lililobaki likiwa kubwa.

Malipo yatakavyokufikia

Gawio litatumwa kwa M-Pesa kwenye namba uliyosajili kwetu. Linalozidi Sh 250,000 litapitia benki, kwa kuwa M-Pesa haipitishi zaidi ya hapo kwa mara moja. La benki lisipoonekana Ijumaa, litazame Jumatatu, 13 Aprili.

Mwisho wa kurekebisha namba ya simu, akaunti ya benki au PIN ya KRA ni Jumanne, 31 Machi, saa 10 jioni. Njoo mwenyewe na kitambulisho. Hatubadilishi namba kwa kupigiwa simu. Malipo mengi yanayorudi huwa ni ya laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au iliyoachwa kutumika. Yakirudi, tutayatuma upya 24 Aprili.

Anayetaka gawio lake liongezwe kwenye hisa ajaze fomu ya kijani iliyoko mapokezi kabla ya tarehe hiyo hiyo ya 31 Machi. Kodi itakatwa vilevile.

Taarifa ya kila mwanachama, yenye hisa zake mwezi kwa mwezi, itapatikana ofisini kuanzia Jumatatu, 23 Machi. Ukiona mwezi haulingani na risiti zako, njoo na risiti kabla ya 31 Machi. Baada ya malipo marekebisho yatasubiri mwisho wa Aprili.

Kupokea gawio hakuna ada. Atakayekupigia akiomba namba ya siri ya M-Pesa au "pesa ya kufungulia malipo" hatoki kwetu.

Katibu wa Bodi,
kwa niaba ya Bodi ya Wakurugenzi
18 Machi 2026