OMBI LA KUPUNGUZIWA ADA YA MAFUNZO YA ASALI

Zuhura Ramadhani,
Mfungashaji wa asali,
Kata ya Isevya,
Manispaa ya Tabora.

2 Machi 2026

Mratibu wa Mafunzo ya Muda Mfupi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA ADA YA MAFUNZO YA UCHAKATAJI, UPIMAJI NA UFUNGASHAJI WA ASALI, 11 HADI 15 MEI 2026

Ndugu Mratibu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjasiriamali mdogo. Nanunua asali kwa wafugaji wa nyuki 14 wa Ipole na Tutuo, wilayani Sikonge, naichuja na kuifungasha nyumbani Isevya, kisha nauza rejareja hapa mjini na kwa wasafiri wanaopita stendi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka minne. Nimesoma tangazo la mafunzo yenu mara kadhaa, na fomu ya maombi nimeshaijaza na kuituma. Kilichonikwamisha ni ada ya shilingi 480,000. Naomba niruhusiwe kulipa shilingi 200,000, tena kwa awamu mbili: 120,000 kabla ya tarehe 30 Aprili, na 80,000 iliyobaki ifikapo tarehe 31 Julai, nitakapokuwa nimeanza kuuza asali ya msimu mpya.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa nini nayataka mafunzo haya na si mengine.

Msimu uliopita nilinunua ndoo 22 za lita 20. Ndoo moja ya asali ina takriban kilo 28, kwa hiyo zilikuwa kilo 616. Ndoo 16 nilizipata Juni na Julai, wakati wa mavuno makubwa, na hizo hazikunipa shida yoyote. Sita nilizinunua Desemba, mvua zikiwa zimeshakolea. Niliziona nzuri, rangi yake imekolea na harufu yake ni ya maua ya miombo yenyewe. Nikazifunika na kuzipanga chumba cha uani.

Wiki ya pili ya Januari, usiku, nilisikia kitu kinafoka kule uani. Nilidhani ni bomba. Nilipowasha taa nikakuta vifuniko vya ndoo vimevimba kama donge la unga wa mkate lililokaa juani, na kimoja kimeshafunguka upande. Povu jeupe lilikuwa linatambaa ubavuni mwa ndoo hadi sakafuni, na chumba kizima kinanuka uchachu. Nilionja kwa kidole. Ulimi ulichonyota. Ndoo nne kati ya sita zilikuwa zimechacha.

Asubuhi nilifanya kosa ambalo leo nalijua kuwa ni kosa: nilizipasha moto jikoni kwenye sufuria, nikiamini moto utaua kilichochachusha. Povu lilipungua, lakini asali ikageuka nyeusi na ikabaki na ladha ya sukari iliyoungua. Asali ya namna hiyo siwezi kuiweka kwenye chupa yenye jina langu. Mwishowe ndoo zote nne niliwauzia kina mama wanaopika wanzuki, kwa shilingi 30,000 kila moja, wakati mimi nilikuwa nimenunua kila ndoo kwa shilingi 182,000.

Baadaye nilikwenda na kichupa kwa afisa nyuki. Alitoa kifaa chake kidogo kama darubini, rifraktomita, akadondoshea tone moja kwenye kioo, akafunika, akanipa nichungulie nikielekea dirishani. Mstari ulikuwa umesimama kwenye 23. Akaniambia kiwango cha maji kwenye asali hakitakiwi kuzidi asilimia 20, na kwamba asali iliyorinwa kabla nyuki hawajayafunika masega kwa nta huwa bado ina maji mengi, hasa ya kipindi cha mvua. Kwa tone moja tu, na kwa nusu ya dakika, ningeweza kukataa ndoo zile palepale Ipole, kabla sijatoa hata shilingi. Ndiyo sababu nilipoona kwenye ratiba yenu kwamba siku ya pili na ya tatu ni za upimaji kwa vitendo, nilijua hapo ndipo ninapotakiwa kuwa.

Liko na la pili. Asali yangu nyingine huganda, hasa miezi ya baridi, na wateja hunirudishia chupa wakisema nimechanganya sukari. Najua kuganda ni tabia ya asali halisi, nami huwaambia. Lakini maneno matupu hayatoshi kwa mtu aliyetoa fedha yake. Nahitaji kujifunza kuiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu bila kuiharibu, na kuelewa kipimo mlichokiweka siku ya nne, cha HMF, kemikali inayojitengeneza ndani ya asali. Nimesoma kwamba ukomo wa kimataifa ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu, na kwamba kupasha moto kupita kiasi ndiko kunakokipandisha. Nikikumbuka sufuria ile ya Januari, naona ni kiasi gani nimekuwa nikifanya kazi gizani.

Sasa kuhusu fedha. Naona ni haki mwone hesabu yenyewe, kwa sababu kila mwombaji anaweza kuandika kwamba hana uwezo. Kilo 504 zilizosalimika niliziuza kwa shilingi 11,000 kwa kilo, nikapata 5,544,000. Ukijumlisha 120,000 ya wanzuki, mapato yote ni 5,664,000. Asali yenyewe ilinigharimu 4,004,000 kwa bei ya 6,500 kwa kilo. Chupa, lebo, nauli na mizigo vilikula 690,000. Kodi ya chumba cha kazi, 40,000 kwa mwezi, ni 480,000 kwa mwaka. Kilichobaki mkononi ni shilingi 490,000. Ada yenu ni 480,000. Yaani nikiilipa yote, jasho la mwaka mzima linaniachia shilingi elfu kumi, na Juni nitakwenda Ipole bila mtaji wa kuanzia. Daftari langu la mauzo nimelipiga nakala na kuliambatanisha, kurasa zote, pamoja na ule wa Januari wenye ndoo nne zilizokatwa kwa kalamu nyekundu.

Sijaomba kusamehewa ada yote, na nimelifikiria hilo. Tangazo linasema vifaa vya maabara, madaftari na chakula cha mchana vimo ndani ya ada, na najua vitu hivyo vinanunuliwa. Tena nafahamu kuna vijana wa vyuo watakaoomba ambao hawana hata hiyo laki moja ya kuanzia. Nafasi ya bure kama ipo, wao wanaistahili kuliko mimi. Shilingi 200,000 naweza kuitoa bila kukopa. Nauli ya basi kwenda na kurudi nitajilipia. Malazi sitahitaji, nitafikia kwa dada yangu Dodoma, na kama kuna sehemu yoyote ya ada inayohusu malazi naomba iondolewe kwangu kwanza. Chakula cha mchana pia naweza kujibebea, ikiwa hilo litasaidia kushusha gharama.

Upande wangu kuna mambo mawili ninayoweza kuyatoa. Kwanza, nitakuja na sampuli: asali ya Juni iliyotulia, asali ya Desemba kutoka ndoo mbili zilizonusurika, na chupa moja ya ile iliyochacha, niliyoiweka kando makusudi. Zote ni za eneo moja na wafugaji walewale, tofauti ni msimu na namna ya kurina. Naamini washiriki watajifunza zaidi wakizipima zote tatu mezani kuliko wakisimuliwa. Pili, nikirudi nitakaa na wafugaji wangu 14 kabla ya mavuno ya Juni, siku moja Ipole na siku moja Tutuo. Wengi bado wanatumia mizinga ya magogo na ya magome, iliyotundikwa juu mitini, na wanarina usiku kwa moshi. Katika giza lile masega yaliyofunikwa, mabichi na yenye majana huingia ndoo moja. Nimeshaongea na mwenyekiti wao, amekubali kuwakusanya. Nitawaandikieni taarifa fupi ya siku hizo mbili, na picha zake, ifikapo mwisho wa Juni. Ufugaji nyuki kule ni kazi ya mababu na wanaijua kuliko mimi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kipimo na kuwaahidi bei nzuri zaidi kwa asali iliyoiva. Bei hiyo nimepanga kuilipa mimi: shilingi 500 za nyongeza kwa kila kilo itakayosoma 20 kushuka chini.

Ikiwa punguzo nililoomba haliwezekani, naomba mnifikirie kwa njia nyingine: niruhusiwe kuhudhuria siku mbili za upimaji tu, tarehe 12 na 13 Mei, kwa ada ya siku hizo. Nitapoteza somo la HMF na la ufungashaji na itaniuma, ila angalau nitarudi nikijua kusoma kipimo kwa usahihi na kukirekebisha kinapopotoka. Kifaa chenyewe nimeanza kukiwekea akiba.

Ningeshukuru sana kupata jibu kabla ya tarehe 10 Aprili, hata likiwa la kukataliwa. Siku hiyo natakiwa kulipia oda ya chupa za msimu, na fedha ya chupa na fedha ya mafunzo zinatoka mfuko mmoja. Namba yangu ya simu iko kwenye fomu ya maombi. Napatikana wakati wote isipokuwa Jumamosi, siku ninayokuwa porini ambako mtandao haushiki.

Asante kwa muda wako, Ndugu Mratibu, na kwa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Zuhura Ramadhani

Viambatanisho:
Nakala ya leseni ya biashara na cheti cha TIN.
Barua ya utambulisho kutoka SIDO Mkoa wa Tabora.
Nakala ya daftari la manunuzi na mauzo, Juni 2025 hadi Februari 2026.
Barua ya mwenyekiti wa wafugaji wa nyuki, Ipole.