Barua ya majibu kwa Mwalimu wa Darasa la Nne B

Tanga,
29 Septemba 2025.

Kwa Mwalimu wa Darasa la Nne B,

YAH: MABADILIKO YA TABIA YA MWANANGU SALIMU

Mwalimu, salaam nyingi. Barua yako ya Ijumaa niliipokea kwa mkono wa Salimu mwenyewe, ikiwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho la mfukoni, nami nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuadhibu. Nawashukuru pia wewe na walimu wenzako kwa rambirambi mliyotuletea. Ningefika shuleni tuzungumze ana kwa ana, lakini nimo edani, na eda ya mjane katika dini yetu ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hadi Januari sitoki ila kwa dharura.

Baba yake alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 5 Septemba. Alianguka uani saa nane usiku alipokuwa akienda msalani, na hadi majirani wanapata gari alikuwa ameshakata roho. Salimu alikuwa amelala. Alipoamka alikuta nyumba imejaa watu, akapelekwa kwa jirani akanywe chai, na mtu mzima mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia kuwa baba yuko hospitali na atarudi. Ukweli aliupata mchana, alipoona jeneza linatolewa kwenda msikitini. Kosa hilo ni letu na ninalikiri, kwa maana nilikuwa ndani nalia, wala sikuuliza mtoto yuko wapi.

Umeandika kwamba anasinzia katika kipindi cha hisabati. Ni kweli, kwa sababu usiku halali. Wiki iliyopita niliamka saa tisa nikamkuta ameketi kwenye kigoda kando ya mlango wa uani, tochi ya baba yake mapajani. Nilipomuuliza anafanya nini, alinijibu, "Mama, siku ile nililala," na hakuongeza neno. Isitoshe, wazee waliokuja matangani walimshika kichwa mmoja baada ya mwingine wakimwambia ajikaze, kwani sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Wao walikuwa wakimfariji, yeye akaona amekabidhiwa lindo. Ana miaka 10.

Kutoka darasani bila ruhusa nako kumetokana na hilo hilo. Mara zote mbili ulizozitaja alikuja nyumbani, akachungulia dirishani, akaniona nachambua mchele, akarudi mbio. Mimi nilidhani mmemtuma. Anachohofia, alivyomwambia bibi yake, ni kwamba na mimi nitaanguka yeye asiwepo.

Kuhusu kumpiga mwenzake na kumchania daftari, sitamtetea. Anasema mwenzake alimwita yatima mbele ya wengine, na huenda ni kweli, lakini nimemwambia neno halijibiwi kwa ngumi. Leo amekuja na daftari jipya la kumlipa mwenzake, na ninaomba umsimamie amwombe radhi. Vilevile, ukimwona anacheka uwanjani usidhani anaigiza anapokuwa darasani, kwa maana hata hapa nyumbani huweza kucheza na mdogo wake kwa furaha, kisha ghafla akanyamaza na kwenda kukaa peke yake.

Kwa upande wetu, tangu juzi bibi yake analala chumba kimoja naye, na baba yake mdogo amemweleza waziwazi jinsi kaka yake alivyofariki, na kwamba hata Salimu angekuwa macho asingeweza kulizuia. Alilia sana, na usiku huo alilala hadi alfajiri. Kwako nina maombi machache. Akisinzia, tafadhali asichapwe, bali apelekwe akanawe uso. Akishikwa na wasiwasi, mruhusu akuambie, nawe unipigie simu nimsemeshe dakika moja, kwani naamini akijua mlango huo uko wazi hataruka dirishani. Pia, zamu yake ya kugonga kengele asiondolewe kwa kuhurumiwa. Ni jambo pekee la shule ambalo bado analisimulia nyumbani. Najua upimaji wa Darasa la Nne ni mwezi ujao na una wanafunzi wengi, hivyo kama hisabati zimemwacha nyuma, niandikie ni mada zipi, dada yake wa kidato cha pili atamfundisha jioni.

Arubaini ya marehemu itakuwa tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo hatakosa masomo. Baba yake mdogo atafika kwako Alhamisi hii saa saba na nusu mchana, mtakapomaliza vipindi, na lolote utakalotaka kuuliza ambalo barua hii haikulifikia, atakujibu.

Wako katika malezi,
Mama Salimu