Slabu haimwagwi leo

Machi hiyo Uyole mvua ilianza saa mbili asubuhi, ile ya Mbeya isiyo na haraka ya kuisha, hata mlima Loleza huuoni. Vibarua washafika, mikisa ya kukodi ipo, nondo zishafungwa. Bosi kashuka na mwavuli.

"Fundi, washa mashine."

"Hatumwagi leo mzee."

"Hela ya mikisa utalipa wewe? Na hawa watu?"

Fundi hakubishana. Akakoroga zege karai moja, akalimwaga kwenye kipande cha mbao hapo hapo mvuani, sie tumejibanza chini ya turubai tunatafuna mahindi ya kuchoma tunasikilizia, na haikuchukua muda uji wa simenti ukaanza kutiririka kijivu mpaka kwenye viatu vya bosi, vyeupe vile, zikabaki kokoto zimeoshwa safi.

"Hiyo ndo slabu yako."

"Mafundi Mwanjelwa wamejaa!"

"Kawachukue basi. Ila mbao zangu nang'oa kwanza."

Bosi akatoa simu, akaiangaliaaa, akairudisha mfukoni. Akaja chini ya turubai.

"Mahindi shingapi?"