Unaanza insulini: soma hiki kabla ya sindano ya kwanza

Kipeperushi hiki ni cha mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili anayeanza insulini ya mchanganyiko (30/70), asubuhi na jioni, kwa kichupa na bomba la sindano. Kaa nacho nyumbani. Unayeishi naye akisome pia.

Kwa nini sindano sasa?

Insulini hutengenezwa na kongosho. Miaka inavyokwenda, kongosho huchoka, na vidonge peke yake havitoshi tena. Si kosa lako. Huko mitaani utasikia kwamba aliyeanza insulini hana siku nyingi, au kwamba sindano ndiyo inayopofusha na kukatisha miguu. Sivyo. Kinachoharibu macho, miguu na figo ni sukari kukaa juu miaka mingi. Insulini inaishusha.

Vidonge vyako usiviache wala kuviongeza mwenyewe. Daktari atakuambia uendelee na vipi.

Kuvuta dawa

Kipimo chako kimeandikwa kwa yuniti kwenye kadi ya kliniki. Tumia bomba la insulini lililoandikwa U-100, basi. Bomba la kawaida linaweza kukufanya uchome dawa nyingi mno.

Nawa mikono kwa sabuni. Viringisha kichupa taratibu kati ya viganja, mara kumi hivi, mpaka dawa yote iwe nyeupe kama maziwa. Usikitikise, italeta povu. Ikibaki na mabonge, usiitumie.

Tuseme kadi yako inasema yuniti 10. Vuta hewa mpaka mstari wa 10. Choma kizibo cha mpira, sukumia hewa ndani. Pindua kichupa, kisha vuta dawa mpaka 10. Ukiona viputo, gonga bomba kwa kidole, rudisha hewa, vuta tena. Kama macho hayaioni mistari vizuri, usikisie. Mtafute mtu akuvutie.

Kuchoma

Choma tumboni au pajani. Tumboni, kaa mbali na kitovu kwa upana wa vidole viwili. Finya ngozi kidogo, ingiza sindano, sukuma polepole, hesabu mpaka kumi, toa. Sindano ni nyembamba. Wengi hushangaa kwamba imeuma kidogo tu.

Kila mara sogea upana wa kidole kimoja. Ukichoma palepale siku zote, ngozi hufanya uvimbe na dawa haiingii sawasawa.

Choma nusu saa kabla ya kula. Hakikisha chakula kipo. Kama ugali bado haujawekwa jikoni, subiri. Ukisahau sindano moja, usichome mbili kufidia.

Sukari ikishuka sana

Hapa soma mara mbili. Ukichoma ukachelewa kula, ukala kidogo, ukalima au ukatembea kuliko kawaida, au ukanywa pombe, sukari inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L. Utatetemeka, jasho jembamba litakutoka, moyo utakwenda mbio, njaa itakubana. Wengine huwa wakali au huongea ovyo, na watu hudhani wamelewa.

Usingoje kupima kama mashine haipo karibu. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Au kunywa nusu chupa ya soda, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula.

Kwa ndugu: akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Tembea na sukari mfukoni kila siku. Ukiendesha gari au bodaboda, pima kabla ya kuondoka.

Kutunza dawa

Kichupa ambacho hujakifungua kikae kwenye friji, kisiguse barafu. Insulini iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka. Huna friji? Chukua chungu kidogo, kiweke ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji kila siku. Weka kivulini. Kichupa kitie kwenye kikopo chenye kifuniko, kikae ndani ya chungu kidogo. Andika tarehe uliyokifungua. Baada ya wiki nne usikitumie tena. Safarini kaa nacho kwenye mkoba wako, si kwenye buti la basi.

Sindano usiazimane na mtu, hata mwenza wako. Zilizotumika zitie kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko, uzilete kliniki. Usizitupe chooni wala jalalani.

Ukiumwa, au ukitaka kufunga

Ukiwa na homa, usiache insulini kwa sababu tu hamu ya kula imepungua. Ugonjwa hupandisha sukari. Pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, uje tukupangie kipimo. Ukitapika kila unachokula, ukipumua kwa shida au ukisinzia ovyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kwa Ramadhani au Kwaresima, njoo tuzungumze wiki kadhaa kabla. Kipimo na saa za kuchoma vitabadilika, na wapo ambao tutawaomba wasifunge.

Utarudi kliniki baada ya wiki moja. Njoo na kadi, kichupa, bomba na daftari la vipimo vyako. Muuguzi atakuomba uchome mbele yake.